Mikazo mikuu imetoka sawa lakini mwelekeo umegoma: tafuta kosa hapa

Kwenye hesabu za mikazo mikuu watu wengi namba mbili za mwisho wanazipata vizuri tu, kinachowaangusha ni mwelekeo. Na ubaya wake ni kwamba mwelekeo ukikosewa hamna alamu inayolia, jumla inakubali, determinanti inakubali, kila kitu kinaonekana kiko poa halafu fundi anaenda kuchomelea kipande upande ambao hauhitaji. Kwa hiyo hapa naenda dalili kwa dalili, ukiona hiki ujue kosa liko wapi, na mfano ni huohuo mmoja mwanzo mpaka mwisho ili usipotee.

Mfano wenyewe: bamba la chuma kwenye stendi ya tenki la maji, zile stendi ndefu zinazochomelewa kila siku huku Kimara na Mbezi, pale mkono wa mshazari unapokutana na nguzo. Tuseme ukipima sehemu moja ya bamba hilo, mbali kidogo na weldi, x ikiwa inaenda kulia na y inaenda juu, unakuta mkazo wa moja kwa moja kwenye x ni −20 MPa (linagandamizwa), kwenye y ni +40 MPa (linavutwa), na mkazo wa kukata ni +40 MPa. Matriksi yake:

```
A = [ -20   40 ]
    [  40   40 ]
```

Mikazo mikuu ni thamani aigeni za hii matriksi, yaani unatafuta λ ambayo inafanya determinanti ya A − λI iwe sifuri. Ukifungua unapata λ² − 20λ − 2400 = 0, na majibu ni 60 na −40. Mwelekeo wa ile 60 unaupata kwa kurudisha λ ndani: −80·nx + 40·ny = 0, maana yake ny ni mara mbili ya nx, vekta ni (1, 2), na pembe yake kutoka x ni digrii 63.43. Ile −40 vekta yake ni (2, −1), pembe −26.57, na ukipenda iite 153.43, ni mstari uleule. Hayo ndo majibu sahihi, yashike, sasa tuanze kuona yanavyoharibika.

Dalili: vekta inatoka (0, 0)

Hii inawakuta wanaofanya kwa mkono. Una milinganyo miwili, unaitatua yote miwili kwa pamoja kama ulivyozoea, jibu linatoka nx = 0 na ny = 0, unabaki unashangaa. Sababu ni moja tu, λ yako sio thamani aigeni, umekosea kwenye kuitafuta au umeikata desimali kwa fujo. λ ikiwa sahihi, mistari miwili ya A − λI lazima iwe kitu kimoja kilichozidishwa. Angalia kwa 60: mstari wa kwanza ni (−80, 40), wa pili ni (40, −20), wa kwanza ni wa pili mara −2, kwa hiyo kimsingi una mlinganyo mmoja tu na ndo maana unabaki na uhuru wa kuchagua urefu wa vekta. Sasa jaribu mtu aliyepata 62: (−82, 40) na (40, −22), hapo uwiano wa kwanza ni −2.05 na wa pili ni −1.82, haiendani, rudi kwenye λ kabla hujaendelea na chochote.

Na kurudi kwenye λ ni rahisi. Jumla ya mikazo mikuu lazima iwe sawa na jumla ya ulalo wa matriksi: 60 + (−40) = 20, na −20 + 40 = 20, sawa. Wakizidishana lazima wawe determinanti: 60 × (−40) = −2400, na (−20)(40) − 40² = −2400, sawa. Ila kumbuka hapa hapa, hizi cheki mbili zinakagua thamani peke yake, kuhusu mwelekeo hazijui lolote.

Dalili: mikazo mikuu imetoka −20 na 40, ileile ya kwenye ulalo

Umepoteza mkazo wa kukata njiani. Mara nyingi umejaza kona moja ya matriksi ukasahau nyingine, ikabaki sifuri. Matriksi yenye sifuri upande mmoja wa ulalo thamani aigeni zake ni zile za ulalo wenyewe, kwa hiyo kompyuta haijakosea, imejibu ulichouliza. Wanaotumia `eigh` ya numpy wawe makini zaidi, maana ile fankshini ikiachwa kama ilivyo inasoma nusu ya chini ya matriksi tu na kuamini nusu ya juu inafanana. Ukiweka 40 juu na 0 chini, yenyewe inaona 0, inakupa −20 na 40 bila kulalamika.

Dalili: majibu yana namba changamano

Umepata kitu kama 10 ± 26.46i. Mkazo hauwezi kuwa namba changamano, na matriksi yoyote yenye ulinganifu na namba halisi lazima itoe thamani aigeni halisi, kwa hiyo matriksi yako haina ulinganifu. Hapa umeweka +40 kona moja na −40 kona nyingine.

Inatokea kwa nani? Kwa mtu aliyetoka kuchora duara la Mohr. Kwenye lile duara kuna utaratibu wa kuchora ambapo mkazo wa kukata unaojaribu kuzungusha kipande kwa mwelekeo wa saa unapewa alama moja na unaozungusha kinyume unapewa nyingine, kwa hiyo uso wa x na uso wa y wanapata alama tofauti, na kwenye kuchora ni sawa kabisa. Lakini hizo ni alama za kuchorea, usizihamishie kwenye matriksi. Kwenye matriksi kona zote mbili ni namba moja yenye alama moja, kwa sababu kile kipande kidogo cha bamba kimetulia, hakizunguki, na ili kisizunguke mikazo ya kukata ya nyuso mbili lazima isawazishane.

Wa bahati ndo huyu anayeona namba changamano, maana ameonywa. Akitumia `eigh` kwenye matriksi hiyohiyo yenye −40 chini, atapata 60 na −40 safi kabisa, na mwelekeo utakuwa umegeuzwa kama kwenye kioo. Hiyo tunaifikia hapa chini.

Dalili: pembe ni −26.57 na wewe umeiita ya mkazo mkubwa

Hili ndo kosa linalonisumbua kuliko yote kwa sababu linatoka kwenye fomula ambayo kila mtu anaijua, σx na σy zikiwa mikazo ya moja kwa moja na τ mkazo wa kukata:

```
tan 2θ = 2τ / (σx − σy) = 80 / (−60)
```

Unabonyeza tanjenti kinyume ya −1.333, kalkuleta inakupa −53.13, unagawa kwa 2 unapata −26.57, unaandika "mkazo mkubwa wa 60 MPa uko digrii −26.57". Sio kweli. Huko ndo kuna mgandamizo wa −40. Bamba unalotaka kuliongezea kipande cha kubeba mvuto umekilaza kwenye mstari ambao unagandamizwa, na kipande chembamba kikigandamizwa ni rahisi kukunjika.

Kwa nini kalkuleta imefanya hivyo? Kwa sababu 80/(−60) na (−80)/60 kwake ni namba ileile. Tanjenti kinyume inarudisha pembe kati ya −90 na 90 tu, haikumbuki kwamba aliyekuwa hasi ni wa chini na sio wa juu. Sahihi ni kwamba 2θ iko robo ya pili, digrii 126.87, nusu yake 63.43. Fomula inakupa mwelekeo mkuu mmojawapo, haikwambii ni wa nani. Na sasa angalia lini inakudanganya: pale σx ikiwa ndogo kuliko σy. Ikiwa σx ni kubwa, fomula inakupa mkubwa kila siku, na ndo maana mtu anaweza kufanya mazoezi mengi yakamkubali, halafu siku σx na σy zimebadilishana nafasi anaanguka.

Dawa ni `atan2`, inayopokea juu na chini kama namba mbili tofauti. Ila hapo nako kuna shimo. Python inataka y kwanza halafu x, Excel inataka x kwanza halafu y. Kwa hiyo kwa Excel ni hivi:

```
=DEGREES(ATAN2(-60,80))/2
```

Hiyo inatoa 63.43. Ukigeuza ukaandika ATAN2(80,-60) inatoka −18.43, na hiyo wala sio mwelekeo mkuu wowote, sio wa 60 wala wa −40. Ukiona pembe ambayo haifanani na yeyote kati ya wale wawili, angalia mpangilio wa ndani ya mabano kwanza.

Na kuna kaugonjwa kengine ka hapohapo: ukiona mielekeo yako miwili inapishana digrii 180 badala ya 90, hujagawa kwa 2, hizo bado ni 2θ. Ukiona pembe ni −0.46, kalkuleta iko kwenye radiani.

Dalili: thamani ziko sawa, pembe ni −63.43 au 116.57

Mwelekeo umegeuka kama kwenye kioo, ukubwa wa pembe ni uleule ila imeangukia upande wa pili wa x. Hii ni alama ya mkazo wa kukata. Kwenye λ² − 20λ − 2400 = 0 mkazo wa kukata unaingia ukiwa kwenye kipeo cha pili, 40² na (−40)² ni kitu kimoja, kwa hiyo ukiweka −40 badala ya +40 thamani hazitikisiki hata kidogo. Mwelekeo ndo unaobeba alama yote.

Sababu za kawaida ni mbili. Ya kwanza, alama za duara la Mohr kama nilivyosema. Ya pili, mhimili wa y umegeuka, mtu amechukua data kutoka kwenye picha au skrini ambapo y inahesabiwa kutoka juu kwenda chini, σx na σy hazijali lakini mkazo wa kukata unageuka alama. Ukichukua namba kutoka programu yoyote tafuta kwanza y yake inaangalia wapi.

Sasa hapa nataka ushike kanuni mbili za jicho, maana hizi zinakuokoa bila kalkuleta wala kompyuta. Kwanza, mkazo wa kukata ukiwa chanya kwenye matriksi, mkazo mkuu mkubwa unalala kwenye mstari unaotoka kushoto chini kwenda kulia juu, yaani pembe kati ya 0 na 90. Ukiwa hasi, unalala kinyume, kutoka kushoto juu kwenda kulia chini. Ukitaka kujua kwa nini, rudi kwenye mlinganyo: ny/nx = (λ − σx)/τ, na ile λ kubwa siku zote inaizidi σx mradi τ sio sifuri, kwa hiyo alama ya uwiano inafuata alama ya τ moja kwa moja. Pili, mkazo mkuu mkubwa unakaa ndani ya digrii 45 kutoka mhimili wenye mkazo mkubwa wa moja kwa moja, ukihesabu na alama. Kwetu y ina +40 na x ina −20, kwa hiyo mkubwa uko karibu na y. Ziunganishe: τ chanya, kati ya 0 na 90, karibu na y, basi ni kati ya 45 na 90. Yetu ni 63.43, imeingia. Ile −26.57 imeanguka kwenye zote mbili, na −63.43 imeanguka kwenye ya kwanza.

Ukitaka kuliona kwa macho chukua chaki. Ishike mlalo, mkono wa kushoto umetulia, wa kulia uizungushe ili ule uso unaokutazama uende juu upande wa kulia. Hapo umeweka mkazo wa kukata chanya peke yake, matriksi ina sifuri kwenye ulalo na τ kwenye kona, thamani aigeni ni +τ na −τ, mvuto uko digrii 45. Chaki ni dhaifu kwenye mvuto kwa hiyo inakatika kwa kuzunguka kimshazari, na kwenye uso unaokutazama mkato unatoka kushoto juu kwenda kulia chini, yaani unaukata mstari wa mvuto kwa pembe mraba. Zungusha nyingine kinyume, mshazari unageuka. Hiyo ndo alama ya τ unaiona mkononi.

Dalili: kompyuta inakubali siku moja, siku nyingine inakataa

Hapa ni wa Python. `eigh` inarudisha vekta zikiwa zimesimama, kila kolamu ni vekta moja, na watu wanachukua mstari wa kulala. Ujanja wake wa kuudhi ni kwamba kwa mbili kwa mbili kosa linaweza kujificha kabisa. Alama ya vekta aigeni haina maana, (1, 2) na (−1, −2) ni mstari mmoja, kwa hiyo kompyuta iko huru kukupa yoyote. Ikikupa hivi:

```
[[-0.894,  0.447],
 [ 0.447,  0.894]]
```

mstari wa pili na kolamu ya pili ni sawasawa, umekosea na jibu limetoka sahihi. Lakini ikitokea kolamu ya pili imegeuzwa alama, mstari wa pili unakuwa (0.447, −0.894), digrii −63.43, ile ya kwenye kioo tena. Kwa hiyo ukiona mwelekeo umegeuka na una uhakika τ ina alama sahihi, angalia unachukua nini. `eigh` pia inapanga kuanzia ndogo kwenda kubwa, kwa hiyo kubwa ni namba 1, sio 0. `eig` ya kawaida haikuhakikishii mpangilio wowote.

```python
import numpy as np
A = np.array([[-20., 40.], [40., 40.]])
w, V = np.linalg.eigh(A)
n = V[:, 1]
print(w, A @ n - w[1]*n)
```

Huo mstari wa mwisho ndo cheki yenyewe ya mwelekeo, na kwa mkono ni rahisi vilevile: zidisha matriksi na vekta, lazima upate vekta ileile ikiwa imeongezwa ukubwa mara λ. A mara (1, 2) ni (60, 120), ambayo ni 60 mara (1, 2), safi. Jaribu ile ya kioo, A mara (1, −2) inatoa (−100, −40), hiyo hailali kwenye mstari wa (1, −2) hata kwa kulazimisha. Jaribu aliyeita (2, −1) mwelekeo wa mkubwa, anapata (−80, 40), ambayo ni −40 mara (2, −1), hapohapo inamwambia wewe uko kwenye −40. Cheki moja inakamata makosa ya mpangilio na ya kolamu. Kitu isichokamata ni alama ya τ iliyoingia vibaya tangu mwanzo, maana hapo matriksi yenyewe ni nyingine, na hiyo utaikamata kwa kuchora kile kipande kidogo cha bamba kama kamraba, na mishale ya mikazo kwenye nyuso zake.

Dalili: hesabu inasema 63, ufa uko 153

Hapa hamna kosa, usibadilishe kitu. Vekta aigeni inakupa mstari ambao bamba linavutwa kuufuata. Ufa unafunguka kwa kuvutwa, kwa hiyo unakaa umeukata mstari huo, yaani unalala kwenye 63.43 + 90 = 153.43. Fundi akikutumia picha ya ufa unaoshuka taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, mshazari wa digrii kama 27, ameithibitisha hesabu yako. Watu wanaona 153 wanakimbilia kubadilisha θ, wanaharibu jibu lililokuwa zima. Kipande cha kubeba mvuto unakilaza kwenye 63, sio juu ya ufa.

Dalili: mishale ya mwelekeo inarukaruka sehemu moja ya bamba

Umechora mwelekeo kwa sehemu nyingi za bamba, kwingi mishale imetulia, halafu kuna eneo inaelekea kila upande. Angalia thamani zenyewe pale, utakuta zinakaribia kulingana. Matriksi yenye 50 na 50 kwenye ulalo na 0.01 kwenye kona inatoa 50.01 na 49.99, na mwelekeo digrii 45. Geuza ile 0.01 iwe −0.01, kitu ambacho ni makosa ya kukata desimali tu, mwelekeo unaruka kwenda 135. Sio kwamba kompyuta imeharibika, ni kwamba pale bamba linavutwa karibu sawa pande zote na kila mwelekeo ni mkuu. Kabla hujauamini mshale wowote linganisha tofauti ya mikazo miwili mikuu na kosa la vipimo vyako. Kwetu tofauti ni 100 MPa, kwa hiyo hata ukikosea MPa 1 au 2 kwenye τ pembe inasogea chini ya digrii moja. Pale ambapo tofauti ni MPa 1 au 2 yenyewe, usimpe fundi pembe yoyote, mwambie tu mkazo ni kiasi gani.